Ujumbe Usio na Lawama

Nilikuwa sekretari wa wakili mmoja hapa Kamina, karibu na reli. Mimi si mwanamke wa subira. Mteja asipofika, moyo hunichemka. Lakini mkubwa wangu alitaka ujumbe wa namna moja tu: usimgombeze mtu, usiulize sababu, mpe nafasi mbili mpya achague, basi.

Mjane mmoja alikuja kwetu mara ya kwanza akisindikizwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Mumewe alikuwa fundi wa treni. Mama alitaka hakimu ampe yeye usimamizi wa mirathi, ili abaki na watoto katika nyumba yao. Alitakiwa arudi Jumatatu kutia sahihi ombi, maana hakimu angeamua Ijumaa. Nilipoomba namba ya simu, shemeji alitaja yake. Kwetu, mwanamke aliye katika kilio husemewa na ukoo wa mume, nami nikaiandika bila kuuliza zaidi.

Jumatatu hakuja. Nikaandika: "Mama, tulikungoja leo saa tatu, hukufika. Unaweza kuja kutia sahihi Jumatano saa tatu asubuhi, au Alhamisi saa nane mchana. Tujulishe ipi inakufaa." Nilijisifu, kwa kuwa hasira yangu haikuonekana popote. Jibu likaja upesi: "Alhamisi. Aksanti."

Alhamisi tulikaa mpaka jioni. Nilipiga simu, imezimwa. Nikamwambia mkubwa wangu kwamba watu hawa wanataka haki iwafuate kitandani. Mungu anisamehe, nilisema hivyo hivyo.

Ijumaa shemeji alisimama mbele ya hakimu na barua ya ukoo iliyomchagua yeye. Ombi la mama halikuwa na sahihi, hakuna aliyempinga. Akapewa usimamizi wa mirathi.

Jumatatu iliyofuata nilimkuta mjane kwenye benchi letu, cheti cha ndoa amekifunga katika kitenge. Aliniuliza kama wakili amesharudi kutoka Lubumbashi. Wakili hakuwa amesafiri hata siku moja. Shemeji ndiye aliyemwambia hivyo, tena akamtajia Jumatatu hiyo kuwa ndiyo siku ya kuja.

Nikamwonyesha ujumbe wangu. Aliifuata namba kwa kidole. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na aliyekilisha ni mimi.

"Iko simu ya shemeji," alisema. "Mama, weye ulimwandikia yeye. Hukuniandikia minyi."

Kutoka nyumbani kwake mpaka ofisini ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Ningeweza kwenda. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikaa kitini.

Wakili alisema rufaa bado inawezekana, ila asubuhi ile ile shemeji alikuwa ameleta mnunuzi kupima uwanja wa nyumba yao. Nikafungua daftari, nikamuuliza mama kwa sauti yangu ya ofisini atakuja lini kutia sahihi rufaa: Jumatano au Alhamisi?

"Nitakuja kila asubuhi," alisema. "Usiandike tena."