Bomba Ambalo Mgeni Hakuliona

Kazi ya Ndaya ilikuwa kujifanya mgeni. Mtandao wa safari aliouandikia pale Lubumbashi ulitaka kila makala isimuliwe na mtu anayefika mahali kwa mara ya kwanza, macho yakiwa wazi na begi mgongoni. Juu ya simulizi hiyo kulikuwa na sharti jingine. Makala ilipaswa kuonekana pale mtu anapoandika maneno fulani kwenye Google. Safari hii maneno yalikuwa mawili, "visiter Kolwezi", yaani kuitembelea Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga.

Darlène, mhariri wake, alikuwa mwanamke mkali lakini wa haki. Alimpa maelekezo kwa simu: maneno hayo yakae kwenye kichwa cha habari, kwenye aya ya kwanza, kwenye kichwa kidogo kimoja, na kwenye ule muhtasari mfupi unaotokea chini ya jina la makala. Yasipigiwe kelele kila mstari.

"Mutu anayetafuta vile anataka kujua bintu tatu," alisema. "Anafika namna gani, analala wapi, anaona nini. Hadithi iko muzuri, lakini kama haimujibu, anafunga anaenda kwa bengine."

Ndaya alikubali. Hakumwambia kwamba alizaliwa Kolwezi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi kule Kapata. Hakumwambia pia kwamba mwaka 1993, akiwa msichana wa miaka tisa, alifukuzwa humo pamoja na wazazi wake, ndugu zake wawili na maelfu ya watu wa asili ya Kasai, waliohesabiwa wageni Katanga. Mambo hayo hayaulizwi kazini, na wenyewe hawana haraka ya kuyataja.

Walikaa kituo cha treni wiki sita wakingoja behewa. Baba yake, Kanyinda, aliugua tumbo akafariki alfajiri moja. Wanaume wakambeba kwenda kumzika, wanawake wakazuiwa kutoka. Kabla waliozika hawajarudi, treni ikaja, watu wakasukumwa ndani, na mama yake, Mama Mianda, akaondoka Kolwezi bila kujua mumewe amelazwa wapi. Sasa mama huyo alikuwa Mwene-Ditu, kule Kasai, mgonjwa, na kila alipopigiwa simu swali lake lilikuwa lile lile: amelazwa wapi? Kwa hiyo Ndaya alipopewa Kolwezi, alijua anakwenda kutafuta kaburi, na makala itakuwa nauli.

Alikaa siku tatu. Alifanya kazi ya mgeni ipasavyo: akapima saa za barabara kupitia Likasi, akauliza bei za vyumba, akaenda Nzilo kuona ziwa la bwawa la umeme na kuambiwa wapi kamera hairuhusiwi bila kibali. Aliangalia kwa mbali vilima vya mabaki ya mgodi vya Kingamyambo. Jioni ya pili alikwenda makaburini. Mlinzi alimsikiliza kwa upole, akatikisa kichwa. Waliozikwa wakati ule, alisema, walizikwa na yeyote aliyekuwa na jembe, na hakuna daftari lililowaandika. Ndaya alirudi chumbani akalia mpaka macho yakavimba.

Siku ya tatu alisimama mbele ya kituo cha treni. Alipiga picha ya uso wa jengo. Nyuma yake hakwenda.

Makala aliiandika vizuri, maana kazi yake aliijua. Lakini alipofika kwenye kituo, mkono ulikwenda wenyewe. Aliandika kwamba nyuma ya ghala la mizigo kuna bomba lisilo na mpini, na kwamba mtu anayetaka maji humngoja mwenye spana alifungue. Aliandika kana kwamba limo pale leo.

"Hilo bomba uliliona?" Darlène aliuliza. Kwao sheria ilikuwa moja: usichokiona safarini hukiandiki.

"Niliona," Ndaya alisema. Lilikuwa jambo la kweli na la uongo kwa pamoja, maana aliliona mwaka 1993, na aliona aibu hapo hapo.

Mwezi mmoja baadaye makala ilikuwa imepanda hadi ukurasa wa kwanza. Miongoni mwa walioifungua alikuwa Fidélie, mwenye nyumba ya wageni pale mjini, ambaye kila wiki huandika "visiter Kolwezi" kuona kama nyumba yake inatajwa. Safari hii ilitajwa. Akaisoma yote kwa furaha, mpaka akafika kwenye bomba. Chini ya makala akaandika kwamba mwandishi amewadanganya watu. Yeye anaijua gare, yaani kituo cha treni, tangu utoto wake, na bomba hilo liling'olewa miaka mingi iliyopita.

Darlène alipiga simu akiwa na hasira, na hasira yake ilikuwa halali. "Mugeni akifika pale, akikosa bomba, atasema hata bei ya chumba ni bongo, tunamudanganya. Eleza."

Ndaya akaeleza. Alianza na Kapata, akamaliza na treni. 

"Ungeniambia," Darlène alisema mwishowe, sauti imeshuka. "Bomba tutalitoa. Pole sana, mama."

Lakini kabla halijatolewa, Fidélie alimwandikia Ndaya, mara hii faraghani. Alikuwa amemsomea makala baba yake, mzee Kyungu, ili wacheke pamoja. Mzee hakucheka. Alimwambia arudie mstari wa spana, kisha akauliza: huyu mgeni ni mtoto wa nani?

Spana ilikuwa yake. Kyungu, mtu wa kaskazini ya Katanga, alikuwa fundi pamoja na Kanyinda. Watu wa kwao ndio waliokuwa wakiwafukuza watu wa Kasai, naye alikuja kituoni kila asubuhi kabla hakujakucha, asionekane, kuwafungulia maji. Waliomwona wakikinga ndoo zao ni wale tu waliongoja treni. Hakuna mgeni awezaye kuijua spana hiyo.

Ndaya alirudi Kolwezi wiki ile ile, hakuna aliyemtuma. Kyungu alimpokea mlangoni, akamshika mikono yote miwili, akashindwa kuiachia.

"Mutoto wangu, baba yako mi njo mwenye nilimuzikaka," alisema. "Mi na benzangu babili. Tulirudi gare, tukakuta treni imeenda. Nilikosa pahali pa kutuma habari. Miaka yote nasikia haya, sababu benye kufukuza balikuwa bandugu zangu."

"Ulimuzika, muzee," Ndaya alisema. "Hukumuacha."

Wakaenda makaburini, mzee akitembea polepole na Fidélie akimshika kiwiko. Karibu na ukuta wa mashariki alisimama, akafunua majani kwa fimbo. Palikuwa na mpira wa chuma wenye kutu, ule wa kusagia mawe kiwandani, umezikwa nusu. Alikuwa ameubeba mfukoni siku ile ya mazishi, kwa sababu msalaba ungeng'olewa na mtu, na chuma kizito hakuna anayekijali.

Ndaya alipiga magoti. Akampigia mama yake Mwene-Ditu. 

"Mama, niko kwake. Niko pale pale."

Mama Mianda hakulia.  Alikuwa mtu aliyepandishwa treni na watoto watatu, mumewe yuko njiani kuzikwa, na hakupata kumuaga.

"Umuambie tulifikaka Kasai," mama alisema. "Umuambie sisi bote tulifikaka."

Ndaya aliisogeza simu karibu na ardhi, akamwambia baba yake hivyo hivyo, kwa sauti, mbele ya Kyungu.