Sentensi Moja ya Mizani

Asya binti Mjaka aliogopa bahari, na kazi yake ilikuwa utafiti wa mwani. Msicheke. Nilishacheka vya kutosha kwa niaba yetu sote, tangu siku ya kwanza alipokuja stoo kwangu kusaini mizani na maboya. Aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia ya makaburini, "Mzee Ame, haya maboya yanaweza kumbeba mtu?"

Nikamwambia yanabeba kamba tu, mtu hujibeba mwenyewe. Nilijiona mjanja sana siku ile, na leo najuta.

Alizaliwa Mgogoni, kwa wakulima. Kwao ni mihogo na mikarafuu, na bahari waliijua kwa samaki aliyefika kwenye sahani. Alipofaulu shule, nafasi ya ufadhili iliyobakia ilikuwa ya viumbe vya bahari. Akaichukua, kwani angechukua nini? Basi akawa mtafiti msaidizi kwenye kiofisi chetu, mwenye akili kali, mkono safi, na hofu ambayo alimficha kila mtu isipokuwa mimi niliyemgawia jaketi la kuokolea na kumwona akilifunga mara tatu.

Utafiti wake wenyewe ulikuwa mzuri. Wanawake wa Chokocho hupanda mwani kwenye maji mafupi, pale wanapofika kwa miguu maji yakipwa. Miaka hii maji yale yanachemka, na mwani unapauka na kukatika. Asya aliuliza: tukiutundika kilindini kwenye kamba zinazoelea, utakua haraka zaidi? Akafunga mbegu za gramu mia mia, nusu maji mafupi, nusu kilindini. Baada ya siku arubaini na mbili akapima. Wa maji mafupi ulifika wastani wa gramu 470 kwa shada, wa kilindini 540.

Ofisi nzima ilifurahi. Mkuu wetu, Dokta Hudhaifa, aliwapelekea wanawake wa Chokocho habari kabla hata makala haijaandikwa. Wakakubaliana kwamba baada ya Idi wanawake kumi na wawili wataanza kulima kilindini, kwa boti. Kati ya hao kumi na wawili, hakuna hata mmoja ajuaye kuogelea.

Ikabaki makala. Asya aliandika kila sehemu kwa siku mbili tatu, ila sehemu ya mbinu ilimla wiki mbili. Ilitoka kurasa sita. Niliisoma, maana ilibidi nihakikishe majina ya vifaa vyangu. Ndani yake mlikuwa na historia ya mwani tangu ulipoingia visiwani, faida zake, maana ya neno wastani, na mizani yangu ya kuning'iniza ikaitwa "kifaa cha kisasa chenye ubora wa hali ya juu." Mizani yenyewe ina kutu kwenye ndoano. Kila kitu kilifanywa "kwa umakini mkubwa." Nilijisemea moyoni, huyu mtoto ana nini hata anajifunika mashuka yote haya na jua linawaka?

Dokta Hudhaifa alimwita, akachukua kalamu nyekundu. Mtu huyu ni mpole msikitini na mkali kwenye karatasi.

"Asya, mtu wa Ufilipino akitaka kurudia kazi hii, historia hii itamwambia mikono yake ifanye nini?"

"Haitamwambia, Dokta."

"Itoke. Na huu umakini mkubwa, anaupima kwa nini?"

Ukatoka. Yakabaki yale ambayo mtu angeyatumia: mahali, tarehe, kina cha maji, aina ya mwani, urefu wa kamba, nafasi ya sentimita ishirini kati ya mbegu na mbegu, idadi ya kamba, hesabu aliyotumia kupata ukuaji wa kila siku. Kurasa sita zikawa ukurasa mmoja na robo. Karibu na mwisho palikuwa na sentensi iliyosimama peke yake sasa: *Uzito mbichi ulipimwa kwa mizani ya kuning'iniza, kwa ukaribu wa gramu tano.* Nilimwona Asya anaitazama ile sentensi kama mtu aliyesikia kitu darini. Nilimwuliza vipi. Akasema hajui, roho yake tu haijatulia.

Dokta ana desturi yake, na hakuna makala iliyotoka ofisini bila kuipitia. Mgeni ambaye hakuwapo hupewa sehemu ya mbinu, akaenda kuifanya kazi kwa kuisoma tu. Mwandishi husimama pembeni, na haruhusiwi kufungua mdomo. Safari hii mgeni alikuwa Yumna, kijana mtafiti kutoka Unguja, anayezungumza haraka na kuuliza zaidi.

Asya hakula siku mbili. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi ule, na bila makala hakuna mkataba mwingine. Asubuhi ya kwenda Chokocho alishika mkono wangu mlangoni mwa stoo, wake baridi kama samaki wa barafu.

"Mzee Ame, naogopa."

"Waogopa nini, mwanangu? Leo huendi kilindini."

"Hicho ndicho sikijui. Ningejua ninachokiogopa ningelala."

Tulifika maji yamekupwa. Bi Mwanabaraka alikuwa amekaa mchangani anafunga mbegu zake. Huyu ndiye mkulima aliyetupimia mwani wote wa maji mafupi, na zile mbegu za mwanzo zote. Tulimwamkia, akaitikia, akatazama karatasi mkononi mwa Yumna kwa heshima ambayo mimi siipi karatasi yoyote.

Yumna alisoma, akafanya. Akapima kina, akahesabu kamba, akapima nafasi kati ya mbegu. Kila kitu kilikaa sawa, na rangi ikaanza kumrudia Asya. Kisha Yumna akafungua shada moja kubwa kutoka majini, maji yakitiririka, akalitundika kwenye ndoano papo hapo.

"Mia tano na ishirini," alisema, akaandika. Halafu akaitazama karatasi. "Lakini hili linavuja maji. Nilikung'ute kwanza? Nisubiri kwa muda gani? Hapa hapajaandikwa."

Akamgeukia Asya. Asya mdomo umefungwa, kwa mujibu wa desturi. Bi Mwanabaraka ndiye aliyeshindwa kustahamili.

"Yakhe, weye! Hivyo wapima maji, si mwani. Lete kuno." Akalitwaa shada, akalikung'uta mara tatu, akalining'iniza juu ya mti aliouchomeka mchangani, na midomo yake ikaanza kucheza. Alikuwa anamswalia Mtume. Alipofika kumi akalitia ndoanoni. "Haya, soma sasa."

"Mia nne hamsini na tano," Yumna akasema.

"Kila mara hufanya hivi, Bi?" Dokta aliuliza.

"Mie tangu naanza kulima. Salawati kumi, halafu mizani. Tajiri hanunui maji."

Wote walicheka isipokuwa Asya. Gramu sitini na tano zilikuwa zimedondoka mchangani mbele ya macho yetu. Na ile tofauti yake, furaha ya ofisi nzima, ilikuwa gramu sabini.

Akanivuta nyuma ya boti iliyopanda ufukweni.

"Kule kilindini hatukuchuja maji, Mzee Ame. Hamdan alikuwa anayatoa mashada na kuyatundika saa hiyo hiyo, boti inayumba, anataja namba naandika." Hamdan ni nahodha wetu. "Mimi hata mizani sikuiona. Nilikuwa nimeshika ubavu wa boti, macho nimefumba. Nilikuwa namwomba Mungu tu nirudi."

Nilimwelewa mara moja, na nikaogopa mimi pia. Kwa maji mafupi ulipimwa mwani mtupu, kwa kilindini ulipimwa mwani na maji yake. Inawezekana kilindi hakikuzidisha kitu. Zile kurasa sita zote zilikuwa zimelifunika jambo hili hata yeye mwenyewe asilione, au asitake kuliona.

"Nikisema, nimekwisha," alisema. "Watajua nilifumba macho. Watasema namba nimezitunga."

Ningependa kuwaambia kwamba nilimpa nasaha ya kiutu uzima. Sikumpa. Mwoga ni mwoga hata akiota mvi. Nilimwambia ukweli wa mambo: kwamba angeweza kuongeza maneno matatu, "baada ya kuchujwa", na hakuna ambaye angejua. Hamdan hasomi makala.

Kisha akaniuliza, "Na wale kumi na wawili?"

Akarudi pale walipo. Alivunja desturi ya Dokta mbele ya mgeni. Akasema yote: boti, Hamdan, macho. Kisha akamwomba Yumna karatasi, akaandika chini ya ile sentensi, kwa mkono uliopindapinda: *Mashada ya maji mafupi yalikung'utwa mara tatu na kuning'inizwa kabla ya kupimwa. Mashada ya kilindini yalipimwa ndani ya boti mara tu yalipotolewa majini, bila kuchujwa. Mwandishi aliandika namba alizotajiwa na hakuisoma mizani.*

Dokta aliisoma mara mbili. Uso wake ulikuwa mbaya, nami nilitamani niwe popote pengine. Mwishowe akatoa simu, akamwomba Bi Mwanabaraka aning'inize shada na kusoma salawati kama kawaida yake, huku yeye akihesabu sekunde. Wakarudia mara tano. Zilikuwa kati ya thelathini na nane na arubaini na tatu. "Andika sekunde arubaini," alimwambia Asya. "Huko Ufilipino hawamjui Bi Mwanabaraka. Utarudia siku zote arubaini na mbili, kilindini, na mashada yote yatachujwa na kupimwa nchi kavu. Hili la mkataba nitalisemea, ila sikuahidi."

Arubaini na mbili, baharini. Asya aliitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka bila sauti.

Kisha akaenda kupiga magoti mbele ya Bi Mwanabaraka. Alitegemea kulaumiwa, nami nilitegemea hivyo hivyo. Mkwe wake bibi huyu, Mwanawema, mama wa watoto wanne, alikuwa wa kwanza kwenye ile orodha ya kilindini.

"Nisamehe, Bi. Niliwapa tamaa. Kumbe bado sijui kama huko unakua zaidi."

"Basi baada ya Idi hawendi?"

"Wasiende, Bi. Si mpaka nijue."

Bibi aliacha mbegu zikaanguka. Akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika, nasi tukasimama kama wezi. Alipojifunua alikuwa anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, na analia.

"Mie silali, mwanangu. Tangu mlipotuletea hino habari yenu silali. Kila nkifumba macho namuona Mwanawema aenda chini, na wanawe wankaa mlangoni."

"Mbona hukusema, Bi?"

"Ntasema nini? Nyinyi mlikuwa mshapima."