Binti Aliyekataa Jua

Mwaka wangu wa pili nikiwa tabibu wa zahanati moja nje kidogo ya Bugarama, baba mmoja, mchimbaji, aliniletea bintiye asubuhi akimburuta kwa mkono. Binti alikuwa na miaka kumi na sita. Mama yake alikuja nyuma, kanga imelowa matapishi.

Miguu ya binti ilikuwa na alama za fimbo, mbichi, nyingine zinatoka damu. Baba hakuzificha. Alieleza kwamba tangu juzi mtoto analalamika kichwa na homa, wakampa dawa ya duka, na leo walipomtuma kuanika mpunga aligoma. Alijifunika blanketi gubigubi, akasema jua linamchoma macho. Ndipo akamchapa.

Kipimo cha haraka kilionyesha malaria. Baba akanyoosha mkono apewe dawa mseto waondoke. Siku nyingine labda ningempa. Huku kwetu nusu ya foleni huwa ni malaria. Lakini binti alikuwa amejigeuzia ukutani, viganja vimeziba macho, na nilipofungua dirisha alipiga ukelele kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Nikamlaza chali, nikatia mkono chini ya kisogo, nikamwinua taratibu ili kidevu kiguse kifua. Hakikugusa. Shingo ilikakamaa, mabega yakanyanyuka pamoja na kichwa kama ubao, na magoti yakajikunja yenyewe. Akanigeukia, akaning'ata mkono hadi damu ikatoka. Hakujua anamng'ata nani. Alikuwa ameanza kuweweseka.

Nilimwambia baba kwamba malaria ipo, lakini haizuii ugonjwa mwingine, na huu nadhani ni homa ya uti wa mgongo. Akanijibu kwamba dukani walishampa dawa ya UTI. Nikamweleza kuwa ile ni ya mkojo. Hii hushika utando unaozunguka ubongo. Ubongo unavimba ndani ya fuvu, na fuvu halitanuki. Tukichelewa anakufa, au anabaki kiziwi, au akili inaharibika. Hatuhesabu siku hapo, tunahesabu saa.

Wakati nafungua kabati la sindano degedege lilimshika. Aligonga kichwa kwenye chuma cha kitanda, povu likamtoka. Muuguzi na mimi tukamlaza ubavu, tukaondoa kila kitu cha kumuumiza, nikampa dawa ya kulituliza. Baba akawa na hakika sasa: mtoto ameingiliwa na pepo, anatakiwa kwa mganga, na sindano itammaliza. Akamshika miguu amvute. Nilipojiweka katikati alinisukuma, mgongo ukavunja kioo cha kabati. Akanipiga kofi. Nikasikia mlio sikioni, nikaonja damu.

Mama hakuwa amesema neno tangu waingie. Aliokota fimbo ambayo mumewe aliiacha mlangoni walipoingia, akampiga nayo kwenye mikono, mara tatu, kwa nguvu zote, mpaka akaachia.

"Umeshampiga vya kutosha," alimwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Mchome, mwanangu."

Nikachukua damu kidogo ya kupeleka hospitali, nikamchoma seftriaksoni, dawa ya kuua vidudu, mshipani hapohapo. Kungoja kipimo cha maji ya uti wa mgongo, ambacho sisi hatuna, kungekuwa kumngoja afe. Nikapiga simu kuita gari la wagonjwa. Njiani degedege lilimrudia mara mbili. Mama alimkumbatia kichwa, akimfunika macho kwa kanga, huku gari likiruka mashimo.

Hospitali walimchoma mgongoni, maji ya uti yakatoka na ukungu badala ya kuwa maangavu. Walithibitisha, na wakasema ni ile aina inayoambukiza, hivyo wote waliolala naye nyumba moja wapewe kidonge cha kinga.

Alipona. Sikio la kushoto halikurudi, na kwa miezi alishika ukuta akitembea. Wiki zile za hospitali sikuwa na hamu ya kumwona baba yake. Viongozi wa kijiji waliniuliza kama nataka kumshtaki, nikasema nitafikiri, na kweli nilifikiri.

Lakini siku ya pili tu baada ya binti kulazwa, baba alikuja mwenyewe zahanati kuchukua kidonge. Alikimeza mbele yangu, akabaki amekaa, mikono bado ina uvimbe.

"Daktari, zile fimbo ndizo zilizomletea ugonjwa?"

Nilitaka kumwambia hapana, aende zake.

"Hazikumletea," nikasema. "Vidudu ndivyo vilivyomletea. Lakini alikuwa anakwambia anaumwa. Jua lilimuumiza kweli, na wewe ukamjibu kwa fimbo wakati saa zinakwenda."

Alilia bila sauti, mtu mzima yule, na mimi sikumbembeleza. Sikioni mwangu mlio wa kofi lake ulikuwa haujaisha. Nilimwita mgonjwa aliyefuata.