Kamba ya Mwalimu Nelima

Insha ya kwanza ya Nelima ilirudi na maneno matatu tu ya wino mwekundu: "Mifano si yako."

Alikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule moja ya msingi ng'ambo ya Kimumu, kwenye barabara ya kwenda Moiben, na kila likizo alikuwa anasomea digrii ya ualimu mjini Eldoret pamoja na walimu wengine waliotaka kupanda cheo. Swali lilikuwa la kulinganisha nadharia mbili za kujifunza, ile ya tabia na ile ya ujenzi wa maarifa, kwa mifano halisi ya darasani. Nelima aliandika kuhusu mbwa anayedondokwa na mate akisikia kengele, kama wenzake wote walivyoandika, na Daktari Jeconia, mhadhiri wao, akawashuku wote kwamba wamenakiliana.

"Mbwa huyo anasoma darasa la ngapi katika shule yako?" alimuuliza mbele ya watu. "Nenda ukafundishe. Agosti uniletee watoto wenye majina."

Basi muhula wa pili wa mwaka 2009 Nelima alipofika kwenye somo la eneo, aliamua kulifundisha kwa njia zote mbili na kutazama matokeo.

Wiki ya kwanza alifuata nadharia ya tabia. Kwa watu wa upande huo, kujifunza ni kubadilika kwa tendo linaloonekana: mwanafunzi anachochewa, anajibu, na jibu sahihi likituzwa papo hapo linakita mizizi. Nelima aliuliza, "Eneo la mstatili?" Darasa likapaaza sauti, "Urefu mara upana!" Aliyepata hesabu alipigiwa makofi ya kilo, yale ya mpigo wa pamoja, na kuchorewa nyota mkononi. Kufikia Ijumaa karibu darasa zima lilikuwa linapata. Diana, msichana mwepesi kuliko wote, alikuwa na nyota mpaka kwenye kiwiko.

Wiki ya pili akageuza. Watu wa ujenzi wa maarifa husema mtoto si mtungi wa kujazwa maji. Anajenga maana mwenyewe, akianzia kwenye yale anayoyajua tayari, kwa kushika vitu na kubishana na wenzake. Nelima alikata vipande vya mraba kutoka kwa katoni za sabuni, watoto wakavipanga juu ya madawati bila kuambiwa kanuni yoyote. Kulikuwa na kelele nyingi na kazi ilikwenda polepole, lakini kuna waliogundua wenyewe kwamba ukijua vipande vya safu moja na idadi ya safu, huna haja ya kuhesabu vyote. Akafurahi sana. Na katika furaha ile akafanya jambo ambalo mtu aliyekuwa macho asingelifanya. Alimpa kila mtoto kipande cha kamba ya katani chenye mafundo, kila fundo mita moja, akawaambia, "Mkifika nyumbani, pimeni boma lenu. Mchore, mlete."

Nelima alikuwa Mbukusu kutoka upande wa Bungoma. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Huruma, mjini Eldoret, wakati moto wa ghasia za uchaguzi ulipowaka, Januari mwaka uliotangulia. Alijua vijana walioziba barabara kwa mawe na magogo. Alijua swali lao lilikuwa moja, kwenu ni wapi, na jibu lililotakiwa lilikuwa moja, na ukilitamka vizuri unapita. Somo lile alilishika upesi kuliko lolote alilowahi kufundishwa. Lakini siku ile ya kamba akili yake ilikuwa kwenye insha.

Asubuhi iliyofuata nusu ya madawati yalikuwa matupu.

Aliyekuja ni Mzee Bethwel, babake Diana, mkulima wa mahindi na mwenyekiti wa kamati ya shule. Alisimama mlangoni na kamba mkononi, ameinyanyua mbali na mwili wake kama mtu aliyeshika nyoka.

"Mwalimu, nani amekutuma?"

"Kunituma wapi, Mzee?"

"Mashamba yetu unayapimia nani? Mimi si mtoto. Majina ya watu wa vita vile yamepelekwa mahakama ya ng'ambo ndani ya bahasha. Mwezi ujao serikali inakuja kuhesabu watu. Sasa mwalimu anataka kujua boma la Bethwel lina mita ngapi. Hizo karatasi zinaenda wapi?"

"Ni somo la hesabu, Mzee. Na ninaandika insha ya chuo."

"Aha." Alitingisha kichwa polepole. "Kwa hivyo unaandika."

Nelima alitambua amejichimbia shimo. Na yeye pia alikuwa anamtazama mzee yule kwa jicho la pili. Alijiuliza, mtu asiye na hatia anaogopa vipi kamba? Alikuwa wapi Januari ile? Swali hilo hakuna mtu aliyeliuliza kwa sauti katika kijiji kile, lakini kila mmoja alilibeba kifuani.

Mchana alikuja Mary. Huyu alikuwa amekimbilia kambi ya wakimbizi ya mjini nyumba yake ilipochomwa, kisha akarudi, na sasa aliishi katika hema juu ya msingi wa nyumba ileile, ukuta kwa ukuta na Bethwel kama kungekuwa na ukuta. Nelima alidhani angalau huyu angemwelewa.

"Ile karatasi ya mtoto wangu nimeichoma," Mary alisema. "Mnataka kujua niko upande gani wa shamba, ili mkija kuchoma mara hii msipoteze wakati."

Upande mmoja ulisema anawapimia waliofukuzwa ili warudishiwe. Upande mwingine ulisema anawapimia wafukuzaji. Kwa mara ya kwanza tangu moto ule, pande zote mbili zilikuwa zimekubaliana juu ya jambo moja, na jambo lenyewe ni Nelima.

Mwalimu mkuu, Vincent, alitaka michoro iliyobaki ichomwe na mambo yaishe. Nelima alikataa. "Nikichoma watasema nilikuwa na cha kuficha. Waite wazazi waje waone somo." Vincent alimkazia macho kama anayejiuliza alimwajiri nani, lakini akawaita.

Walikuja Jumatano, wakajibana kwenye madawati ya watoto, kila jamii na safu yake. Nelima aliweka mezani kipande kikubwa cha katoni. Upande wake mrefu ulikuwa wa miraba sita na mwingine wa miraba mitano, lakini kona moja ilikuwa imekatwa, mbili kwa tatu. Alilikata umbo hilo makusudi. Alitaka kuonyesha mahali ambapo wimbo wa urefu mara upana unamwacha mtoto njiani.

"Diana, eneo lake?"

"Thelathini!" Diana alijibu hata kabla hajalitazama vizuri.

Akamwita mtoto wa Mary, aliyekuwa mgumu kushika kanuni na hakuwa na nyota hata moja. Mtoto alipanga vipande vyake polepole, akakwama, akagawa umbo mara mbili kwa kidole. "Ishirini na nne, Mwalimu. Hapa hakuna kitu." Akagusa pengo la kona.

Nelima aligeuka kwa wazazi akitabasamu, tayari kueleza. Hakuna aliyetabasamu.

Mary ndiye aliyesema. "Hiyo ni shamba ya Bethwel. Na hapo mtoto anasema hakuna kitu ni kwangu."

Bethwel aliinuka. "Mmeona? Nilisema nini? Mmeona sasa?"

Nelima aliapa kwamba hakujua. Ilikuwa kweli. Alikata katoni tu jikoni kwake, akitafuta umbo gumu kidogo. Lakini alipozitazama nyuso zile alijua kiapo chake hakimfikii mtu. Wao hawakuwa wakiona katoni. Aliyekuwa amepimiwa ardhi akaipoteza aliona kupimwa, na aliyejua jirani yake alitoka vipi aliona jirani akirudi. Kila mtu alikuwa amejenga maana kwa matofali aliyokuja nayo.

Hakubishana. Aliwaita watoto mmoja mmoja na kuwarudishia michoro yao mbele ya wazazi wao, mpaka mkono wake ukabaki mtupu. "Tutapima uwanja wa mpira," alisema. "Huo hauna mwenyewe." Mzazi mmoja akacheka kidogo, kisha akanyamaza alipoona anacheka peke yake.

Watoto walirudi kidogo kidogo. Nelima hakuwauliza kitu. Kila aliyefika alisalimiwa kwa jina na kushangiliwa na wenzake, na mwisho wa muhula madawati yalikuwa yamejaa. Walipima uwanja wa mpira. Diana mwenyewe aligundua kwamba umbo lenye pengo unaweza kulihesabu zima, kisha ukatoa kilichokosekana, na alipofahamu aliruka kwa furaha. Lakini Nelima alipowaambia wachore mahali popote wanapopapenda, Diana alichora kanisa. Wote walichora kanisa, au soko, au uwanja. Hakuna aliyechora kwao.

Hayo ndiyo aliyoyaandika. Aliandika kwamba tuzo zilimpa Diana wepesi, na wepesi huo ni mali, kwa sababu mtihani haumngojei mtoto apange vipande. Lakini kanuni iliyokaririwa ilishindwa mbele ya umbo jipya, na aliyejijengea maana hakushindwa. Kisha akageukia yale madawati matupu. Mtu wa nadharia ya tabia, aliandika, ataeleza kwamba kamba ilishikamana na maumivu ya zamani, ikazua hofu bila kuhitaji sababu mpya. Atahesabu waliorudi na kusema tumefaulu. Mtu wa ujenzi wa maarifa atakubali kwamba wamerudi, ila atauliza wamerudi na maana gani. Na jibu, aliandika Nelima, ni kwamba darasa langu limejifunza kutosema kwao ni wapi. Sikulifundisha hilo kwa makusudi, na sijui nitaliondoa vipi.

Daktari Jeconia aliisoma akiwa amekunja uso.

"Michoro iko wapi?"

"Niliwarudishia."

"Yote?"

"Yote, Daktari."

"Mwalimu Nelima, ukiniletea mbwa ninasema umenakili. Ukiniletea hadithi nzuri hivi bila ushahidi, niseme nini?"

"Useme hata wewe hukuniamini," Nelima alijibu. "Nimezoea."

Mwishowe Daktari alimpa alama ya kupita, si ya juu. Pembeni, kwa wino mwekundu, akaandika: "Hoja imara. Ushahidi haupo."

Nelima alihitimu, akabaki shule ileile. Bethwel alikuwa akimsalimia njiani kwa heshima, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumkaribisha ndani ya lango lake. Mary alijenga nyumba ya mabati, lakini hakuuza lile hema.

Wiki ya mwisho kabla ya uchaguzi wa 2013, Nelima alikuwa anafunga mlango wa chumba chake alipomwona Bethwel amesimama barabarani na baiskeli.

"Mwalimu. Diana ameingia Form One."

"Mungu ni mwema, Mzee. Msalimie."

"Unasafiri?"

"Naenda kumwona mama kidogo."

Macho ya mzee yalishuka kwenye mkoba wake, ambamo vyeti vyake vyote vilikuwa vimefungwa ndani ya nailoni. Yakapanda tena.

"Utarudi?"

"Shule ikifunguliwa."

"Sisi hatuna neno na wewe," Bethwel alisema.

"Najua, Mzee," akajibu Nelima, na wote wawili wakasimama pale kidogo, kila mmoja akingoja mwenzake aondoke kwanza.