Ripoti za Saa Kumi na Moja Kasoro

Jumatatu, tarehe 10 Machi 2025, ripoti arobaini na moja za wahudumu wa afya ya jamii wa mtaa wa Ziwani ziliingia katika seva kati ya saa kumi na dakika hamsini na saa kumi na moja jioni. Hilo limethibitishwa, kwa kuwa seva huandika saa ya kila fomu inayopokea.

Hayat Idarusi, karani wa takwimu katika shirika dogo la afya lenye ofisi Makadara, aliisoma orodha ya saa hizo asubuhi iliyofuata akiwa bado amesimama, mkoba begani. Dashibodi, skrini ya ukutani inayojumlisha ripoti, ilionyesha ishirini na tatu tu.

"Bodi yako imekula ripoti kumi na nane," alisema Mbugua, msimamizi wake. "Na haijateremsha hata kwa chai. Sikiza dada, nakupa hadi Ijumaa. Ikishindwa, narudisha ratiba."

Ratiba hiyo Hayat aliijua vizuri kuliko yeyote. Kwa miaka miwili dashibodi ilichungulia seva saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, kuwe na jipya au kusiwe. Mwezi Februari mfereji mmoja wa maji huko Ziwani ulichafuka asubuhi, ofisi ikajua jioni, na katikati ya saa hizo familia kumi na moja zilikuwa zimekunywa. Hakulisahau. Ndipo akaunda webhook: fomu mpya ikifika, seva yenyewe inaipigia hodi programu yake ndogo, kwa ujumbe wenye alama ya siri inayothibitisha mtumaji, na programu inaiagiza dashibodi isome data upya papo hapo.

Kosa alilipata kabla ya saa nne. Kusoma upya kulichukua dakika nne, na agizo jipya likija katikati lilikataliwa, kisha programu ikalisahau. Akairekebisha. Tangu hapo agizo likikataliwa, programu huweka kumbukumbu. Usomaji ukiisha, dashibodi husoma tena mara moja tu, hata kama hodi zilizopigwa ni ishirini. Usomaji mmoja wa alfajiri, aliokuwa ameuondoa pamoja na ratiba, aliurudisha, kwa ajili ya siku ambayo hodi itapotea njiani.

Mtu mwingine angefunga kompyuta. Hayat aliendelea kutazama safu ambayo hakuna aliyekuwa akiisoma, ya saa ambayo fomu ilianza kujazwa. Saa tatu. Saa nne. Saa nne na nusu. Kisha saa za kutumwa: jioni, zote.

Mchana huohuo alikwenda Ziwani. Mama Nzembi, mhudumu wa afya kwa miaka kumi na minne na kiongozi wa wenzake wanane, alikuwa amekaa mlangoni akikata sukuma wiki.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Leo ofisi imekuja kukagua sufuria?"

"Nimekuja kuuliza. Fomu mnajaza asubuhi, mbona mnatuma jioni?"

Mama Nzembi alicheka hadi kisu kikamponyoka. "Haki, huyu! Si ni wewe ulitufundisha? Ulisimama pale kanisani ukasema bodi inaamka saa kumi na moja, tutume kabla kidogo. Sasa nani atagonga mlango wa mtu amelala?"

Hayat alichuchumaa kando yake. Mashine alikuwa ameiondoa kwenye ratiba. Watu alikuwa amewaacha humo.

"Kosa ni langu, Mama. Bodi hailali tena. Tumeni mkiwa bado pale kwa mgonjwa."

"Na hao wengine utawaambia wewe? Wewe wanakusikiza siku ya mafunzo yenye soda tu. Niachie."

Akapangusa mikono kwenye leso, akachukua simu, akatuma fomu ya mtoto mwenye kikohozi aliyemtembelea asubuhi. Dakika tano baadaye Hayat akampigia Mbugua.

"Nambari ya Ziwani imeongezeka," Mbugua alisema. "Nani ameigusa?"

"Mama Nzembi, bosi. Yuko na sukuma mapajani."

Alhamisi, saa nne na dakika arobaini asubuhi, dashibodi ilikuwa na ripoti tatu za kuhara kutoka nyumba zinazochota maji mfereji mmoja. Mbugua mwenyewe ndiye aliyempigia simu afisa wa afya ya umma. Saa sita kasorobo mfereji ulikuwa umefungwa, na Mama Nzembi amesimama mbele yake akiwarudisha watu na mitungi yao. Ijumaa ilifika, neno la ratiba halikutajwa. Mbugua aliuliza tu mtaa wa Komarock nao utaunganishwa lini.

Uchafu uliingilia sehemu gani ya bomba, hadi sasa haijulikani. Wala haijulikani ni watu wangapi waliepuka kuugua siku hiyo, kwa kuwa hao hawakujaziwa fomu.