Picha ya Sikio la Kulia

Mimi shule niliiacha darasa la saba, tena katikati ya muhula. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani kuna profesa alinifundisha haya ninayoyajua. Nilifika Texas na begi moja, nikaanza kwa kufagia ofisi za wakubwa kule Plano usiku. Baada ya miaka sita nilikuwa na gari tatu za kazi na watu kumi na mmoja wanaofagia kwa niaba yangu. Kamera nayo nilijifundisha mwenyewe, kwa kuharibu filamu.

Wakenya wa Arlington, nilikokuwa naishi, wakati huo walikuwa wanakuja kwangu kupiga picha za immigration. Si kwamba hakukuwa na studio. Zilikuwepo, lakini wapiga picha wengi hawakujua kumpiga mtu mweusi mbele ya shuka jeupe. Kamera inaliona lile jeupe, inadhani mwanga umezidi, inajifunga, na uso wako unatoka kama sufuria ya kuni. Halafu ofisi inarudisha barua: picha nyeusi mno, haionyeshi sura, leta nyingine. Miezi mitatu imepotea hapo.

Kwangu hazikurudi. Nilikuwa nafungua lile pazia la mlango wa kioo wa nyuma, saa nne asubuhi, upande ambao jua haliingii moja kwa moja, mwanga tu. Mtu anakaa kwenye stuli akiutazama mlango. Nyuma yake shuka jeupe lililopigwa pasi, nimelivuta na pini mpaka halina kunjo hata moja, na yeye yuko mbali nalo hatua mbili nzima ili kivuli chake kianguke sakafuni, kisipande kwenye shuka. Magotini namwekea kadibodi nyeupe irudishe mwanga chini ya kidevu. Flashi siwashi. Kamera naipandisha hadi usawa wa macho yake, isimtazame kutoka juu wala kutoka chini, na naifungua zaidi kidogo kuliko inavyotaka yenyewe. Kofia toa, hereni toa, nywele zirudi nyuma ya sikio. Usicheke.

Halafu nakigeuza kichwa. Picha za immigration miaka hiyo zilitaka mtu atazame upande kidogo, sikio la kulia lionekane lote. Mimi nilikuwa nakishika kidevu cha mtu kwa vidole viwili na kukisogeza kama kinyozi. "Sikio, mama, nipe sikio." Watu waliniita Bwana Sikio. Kanisani mtu ananisalimia kwa kushika sikio lake mwenyewe, tunacheka.

Mama alifariki Jumapili. Ndugu yangu alipiga simu kutoka Kenya, akasema maneno machache, nami nikajibu, "Sawa. Sawa." Mke wangu alikuwa amesimama jikoni na nguo zake za kazi za hospitali, akaniangalia, akajua. Sikulia. Nilimwuliza kama ameweka mafuta kwenye gari. Mpaka leo sijui kwa nini niliuliza hivyo.

Maziko yalipangwa Jumamosi adhuhuri. Shida yangu ilikuwa moja. Nilikuwa nimekula kiapo cha uraia wiki tatu kabla, na siku ya kiapo kadi ya kijani wanaichukua. Pasi ya Kenya haingenirudisha Texas, na ya Marekani nilikuwa sijaomba bado. Ofisi ya pasi za haraka iliyokuwa karibu nasi ilikuwa Houston. Nilipata miadi ya Alhamisi saa tatu asubuhi, na tiketi ya Alhamisi hiyo hiyo jioni, ndege moja na dada yangu anayekaa Stafford, kando ya Houston. Tungefika Nairobi Ijumaa usiku, alfajiri tushike barabara ya nyumbani.

Jumatano asubuhi nilijipiga picha. Mke wangu alikuwa anatoka zamu, akaniona nimeketi kwenye stuli yangu peke yangu, kamera iko kwenye miguu yake mitatu, inajihesabia sekunde.

"Baba watoto, umesoma ile karatasi ya pasi?"

"Nimepiga picha ngapi nyumba hii?"

"Nimekuuliza kama umesoma."

"Wewe lala, umechoka."

Sikuwa nimesoma. Kusoma kwangu ni kwa shida, na watu wazima tunajua kuficha. Nililigeuza sikio, kamera ikalia. Nikaipeleka filamu kusafishwa dukani, kazi ya saa moja, nikakata inchi mbili kwa mbili kwa wembe na rula. Zilitoka safi sana. Niliziangalia nikajisifu, halafu nikaona kwamba najisifu na Mama yuko mochari, lakini sikusikia chochote ndani. Ilikuwa kama kuguswa meno baada ya sindano ya daktari.

Nikaendesha hadi Stafford, mwendo wa saa nne na nusu, bila redio.

Asubuhi dada yangu akanipeleka mjini Houston. Mama wa dirishani alikuwa mtu mzima, miwani kwenye kamba. Fomu, sawa. Cheti cha uraia, sawa. Tiketi, sawa. Akaziona picha.

"Kwa nini unatazama kando, bwana?"

"Ndivyo mnavyotaka. Sikio la kulia."

"Hapa sisi tunataka uso mzima. Utazame mbele, kichwa kimenyooka."

Nikamwonyesha cheti changu mwenyewe, kilichokuwa pale mezani, chenye picha niliyoipiga mimi. "Hii ni serikali gani, basi? Si serikali yenu hii? Si natazama kando?"

"Hiyo ni ofisi nyingine," akasema, bila ubaya. "Leta nyingine hapa kabla ya saa sita, macho mbele, nami nitajitahidi pasi itoke leo alasiri. Baada ya saa sita ni kesho."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kiduka chenye bango la picha za pasi. Dada yangu alishaanza kuvuka.

"Kaka, twende hapo, dakika tano."

"Huyo na kamera yake ya papo hapo? Umeona anavyotoa watu? Nitafanana na makaa."

"Kwani unaenda kuoa? Ni pasi!"

"Miaka minane sijapigwa picha na mtu wa dukani."

"Kaka, Mama anatungoja."

"Najua anatungoja. Ni saa tatu na nusu tu. Endesha."

Akaendesha. Huyu dada yangu ni mdogo wangu kwa miaka tisa, mimi ndiye niliyemleta Texas, na hakuwa na mazoea ya kunikatalia. Namwandika hapa kwa sababu hakuwahi kunilaumu, nami ningependa angenilaumu.

Nyumba yake ina madirisha madogo yanayotazama ukuta wa jirani. Stuli hakuna, mwanga hakuna. Nilimpa yeye kamera kwa sababu ile miguu mitatu niliiacha Arlington. Na hapo ndipo mimi, ambaye nilikuwa nawafukuza watu kutoka ukutani kwa miaka, niliuegemea ukuta wa sebule yake. Nilikuwa nimechoka tu. Mgongo ulitaka kitu cha kuushika. Nilisikia flashi ikipasuka machoni na sikusema, "Zima hiyo." Nilimwona anasogea karibu, karibu zaidi, na sikumwambia rudi nyuma. Nilikuwa natazama mbele, kichwa kimenyooka, kama nilivyoambiwa, na kichwani hamna mtu.

"Imetosha?" akauliza.

"Piga nyingine."

Duka la karibu na kwake lilisafisha filamu kwa saa moja na dakika kumi. Nilikata picha ndani ya gari, wembe juu ya goti, naye anaendesha. Ndipo nikaziona. Kivuli cheusi kimekaa ukutani nyuma ya kichwa, kimeshikana na nywele, huwezi kujua kichwa kinaishia wapi. Paji la uso linang'aa kama bakuli. Na kichwa kikubwa. Kwenye picha ya inchi mbili, toka kidevu hadi juu ya nywele, kinatakiwa kiwe inchi moja, kikizidi sana moja na robo na kidogo. Changu kilijaza karatasi mpaka nywele zikagusa ukingo. Hata mtoto angeikataa.

"Zikoje?" dada akauliza.

"Ziko sawa," nikasema.

Saa sita kasoro dakika saba tulikuwa dirishani. Yule mama alizishika kwa ncha za vidole, akaweka rula yake ya plastiki juu ya uso wangu, akatikisa kichwa. Kivuli. Kichwa kimezidi. Hakuwa na haja ya kuniambia.

"Pole sana," akasema. "Nani aliyekupiga?"

Dada yangu alifungua mdomo. Nikamtangulia. "Mimi."

Tukavuka barabara. Yule mtu wa kiduka alikuwa Mhindi mzee, na nyuma ya pazia lake alikuwa na kitambaa cheupe kilichoning'inia mbali na ukuta na taa mbili, moja kila upande, zenye karatasi mbele ya kulainisha mwanga. Akaniketisha, akanisogeza mbele hatua mbili. Akafungua kamera yake zaidi, nilimwona akifanya hivyo. Akasema, "Tazama hapa, bwana, kidevu chini kidogo, funga mdomo." Dakika nne. Uso ulitoka rangi yangu kabisa.

Dirisha lilipokea saa sita na dakika kumi na moja. Pasi, kesho saa nane.

Jioni nilimpeleka dada uwanja wa ndege. Tulipofika mlangoni akaniuliza nataka aseme nini nyumbani.

"Sema karatasi."

"Karatasi gani?"

"Sema tu karatasi. Wanajua Marekani ina karatasi."

Akanikumbatia. Mikono yangu ilikuwa mifukoni na ikabaki humo.

Pasi niliichukua Ijumaa saa nane kamili, bado ina joto la mashine. Ndege yoyote ya siku hiyo ingenifikisha Nairobi Jumamosi usiku. Nilirudi kwenye nyumba tupu ya Stafford nikakaa sebuleni, ukutani penyewe. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Nilihesabu masaa ya kule na ya huku, nikajua wako wapi: sasa wanalala, sasa wanalitoa jeneza, sasa wanaimba.

Dada alipiga alfajiri ya kwangu. Nyuma yake kulikuwa na watu wengi, na ng'ombe.

"Wamekungoja, kaka. Mchungaji alisubiri kama nusu saa hivi, watu wamesimama juani. Halafu mjomba akasema inatosha."

"Nani aliyetupa?"

"Mimi. Nilitupa mara mbili. Mara ya kwanza nikataja jina lako kwa sauti, ili wasikie. Halafu ya pili ikawa yangu."

"Udongo ulikuwa mkavu?"

"Mvua ilinyesha jana. Ulikuwa unashika mkononi."

Nikamwambia asante, akapumzike. Nikakata simu, nikatandika kitanda nilichokuwa sijalalia, nikaendesha kurudi Arlington. Jumatatu nilikuwa Plano na watu wangu, nikifagia nao.