Meneja Mpya Ataka Kumwona Tena

Binti yangu alipofanyiwa mahojiano katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, meneja alimpenda na wakala wa ajira akampigia simu kumwambia amekubaliwa. Kilichobaki ni barua ya kazi. Mimi sikuingoja. Jioni ile niliwatangazia wenzangu barazani, Mji wa Kale mzima ukajua.

Kisha yule wakala akamwandikia ujumbe. Meneja wa kwanza amehamishwa, na aliyeshika nafasi yake angependa kumhoji mwenyewe kabla barua haijatoka. Aliomba radhi kwa usumbufu.

Nilikasirika kuliko mwenye kazi. Kwetu posa ikishajibiwa, haji ami wa bwana harusi kusema naye anataka kumtazama bibi. Nikamwambia binti yangu awajibu hivyo hivyo: kama neno lao halina uzito, wamtafute mwingine. Tena akae siku mbili tatu kabla ya kujibu, wajue hana njaa.

"Baba, hawa hawanioi," akasema. "Huyu ndiye nitakayekuwa chini yake kila siku. Si afadhali tuonane sasa?"

"Na neno la yule wa kwanza?"

"Yule hayupo. Na mimi sijatia sahihi popote."

Mama yake, aliyekuwa akichuja tui, akasema bila kugeuka kwamba kinachoniuma mimi ni baraza, si kazi. Ilikuwa kweli.

Binti yangu akamjibu wakala papo hapo, mistari michache. Alishukuru kwa kuarifiwa, akasema yuko tayari kwa furaha. Akauliza kama mshahara na cheo walivyokubaliana vinabaki vile vile, meneja mpya angependa kujua nini zaidi, na uamuzi utatoka lini. Mwisho akataja jioni mbili anazoweza, baada ya saa za kazi. Niliomba niongeze mstari mmoja tu. Akaihamishia simu mkono wa pili, nisiifikie.

Jibu likaja: masharti hayajabadilika, lakini uamuzi ni wa meneja mpya. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Tangu mwanzo nilikuwa nikimhimiza aage kazi yake ya zamani, naye akikataa mpaka aione barua. Angenisikiliza, huenda angezikosa zote mbili.

Alirudi kutoka kwenye mahojiano akicheka. Meneja alimuuliza angefanya nini mzigo ukikwama forodhani kwa karatasi zisizolingana, na mwenye mali yuko kwenye simu anafoka. Naye binti yangu akamuuliza meneja hupenda kupewa habari mbaya vipi. "Mapema," alimjibu, wakaelewana.

Barua ilipofika aliisoma yote, kisha akatia sahihi. Nikamwambia nilikosea, tangu ule ushauri wa kwanza.

"Najua, Baba," akasema. "Sasa nisogezee kiti, niandike barua ya kuaga kule."